Polisaithemia vera: uboho unapotengeneza damu kupita kiasi

Polisaithemia vera ni ugonjwa wa uboho, ile tishu laini iliyomo ndani ya mifupa kama ya nyonga, uti wa mgongo na kidari, ambamo chembe za damu huzaliwa. Uboho wa mgonjwa hutengeneza chembe nyekundu nyingi kuliko mwili unavyohitaji, na mara nyingi chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo huongezeka. Damu inakuwa nzito, inapita kwa shida katika mishipa, na inaganda mahali isipotakiwa kuganda. Madaktari wanauhesabu miongoni mwa saratani za damu, ingawa mwendo wake ni wa polepole na wagonjwa wengi wanaotibiwa vizuri huishi nao miaka mingi. Hatari ya karibu zaidi kwao ni bonge la damu linaloziba mshipa wa ubongo, moyo, mapafu au ini. Kwa sababu hiyo matibabu yote huanza na kuilinda hesabu moja ya maabara, inayoitwa hematokriti.

Kwa mtu mzima mwenye afya, utengenezaji wa chembe nyekundu una mpangilio mkali. Kila chembe huishi karibu siku 120, na uboho huzalisha takriban milioni mbili kila sekunde ili kufidia zinazokufa. Kazi hiyo inaamriwa na figo. Figo zikihisi kwamba oksijeni katika damu imepungua, hutoa homoni ya erithropoietini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho na kuziamuru chembe changa zikue na kugawanyika. Oksijeni ikitosha, homoni hupungua na uzalishaji hushuka.

Katika polisaithemia vera uboho hausubiri tena amri hiyo. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza na daktari Mfaransa Louis Henri Vaquez mwaka 1892, na mwaka 1903 William Osler, aliyekuwa akifundisha Baltimore, Marekani, akauonyesha kuwa ugonjwa wa kipekee wenye sura yake. Kisa chake hakikujulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini dalili muhimu ilipatikana mwaka 1974: chembe changa za uboho wa wagonjwa ziliweza kukua na kuwa chembe nyekundu ndani ya vyombo vya maabara bila kuongezewa erithropoietini hata kidogo. Chembe za watu wenye afya haziwezi kufanya hivyo. Ilikuwa wazi kwamba hitilafu imo ndani ya chembe zenyewe.

Jibu lilikuja mwaka 2005, pale makundi manne ya watafiti wa Ulaya na Marekani yalipogundua, karibu kwa wakati mmoja, badiliko dogo katika jeni iitwayo JAK2. Jeni hiyo inaelekeza utengenezaji wa protini inayokaa chini ya kipokezi cha erithropoietini, kwenye ukuta wa chembe. Kwa kawaida protini hiyo imetulia, kwa sababu sehemu yake moja huizuia nyingine isifanye kazi, na huamka tu homoni inaposhika kipokezi. Katika badiliko linaloitwa JAK2 V617F, asidi amino moja tu, valini iliyo nafasi ya 617, imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na fenilalanini. Badiliko hilo linatosha kuilegeza ile sehemu inayozuia. Protini inabaki macho muda wote, na chembe inafanya kazi kana kwamba figo zinaiita, hata kama erithropoietini katika damu ni kidogo sana. Vipokezi vinavyosimamia chembe sahani na baadhi ya chembe nyeupe hutumia protini hiyo hiyo, ndiyo maana chembe za aina zote tatu huweza kuzidi.

Karibu wagonjwa 95 kati ya 100 wana badiliko la V617F, na wengi wa waliobaki wana mabadiliko mengine ndani ya jeni ile ile. Badiliko hilo hutokea katika chembe moja mama ya uboho, na uzao wa chembe hiyo hujaza uboho polepole kwa miaka. Kwa kawaida mtu harithi ugonjwa huu kwa wazazi wala hawapi watoto wake, na hakuna awezaye kuambukizwa. Wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa karibu miaka 60, ingawa vijana nao hupatikana.

Uzito wa damu hupimwa kwa hematokriti, yaani sehemu ya ujazo wa damu iliyoshikwa na chembe nyekundu. Damu ikizungushwa kwa kasi katika mrija mwembamba, chembe nyekundu hutuama chini na maji ya damu hubaki juu. Mwanamume mwenye afya huwa na hematokriti kati ya asilimia 40 na 50 hivi, na mwanamke hupungukiwa kidogo. Jambo lenye uzito hapa ni kwamba ugumu wa damu kupita hauongezeki kwa mstari ulionyooka. Ni kama uji ulio jikoni: unga wa mwanzo hauubadilishi sana, lakini ukifika kiwango fulani kila kijiko kinachoongezwa kinaufanya mwiko uwe mzito kwa namna isiyolingana na kijiko chenyewe. Vivyo hivyo, hematokriti ikivuka asilimia 50 kila nyongeza ndogo hupunguza sana mwendo wa damu, hasa katika mishipa myembamba ya ubongo.

Uzito peke yake hauelezi kila kitu. Chembe nyekundu zikijazana katikati ya mshipa, huzisukuma chembe sahani pembeni hadi ziguse ukuta, pale ambapo mgando huanzia. Tena chembe nyeupe na chembe sahani za mgonjwa huwa na wepesi wa kuamka na kunata, kwa kuwa nazo zina hitilafu ile ile ya JAK2. Bonge linaweza kutokea katika ateri, likaleta kiharusi au shambulio la moyo, au katika vena za mguu, ambako linaweza kung'oka likaenda kuziba mapafu.

Kuna mahali pengine ambapo mabonge ya ugonjwa huu hupenda kutokea na ambapo hukosewa mara nyingi, nako ni vena za tumboni. Vena zinazotoa damu kwenye ini zikiziba, ini huvimba, tumbo hujaa maji na mgonjwa hupata maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Katika Afrika Mashariki tumbo lililojaa maji huhusishwa haraka na homa ya ini, pombe au kichocho, na kwa wagonjwa wengi ndivyo ilivyo. Lakini pale ambapo vipimo vya magonjwa hayo havionyeshi kitu, hasa kwa mtu ambaye bado kijana, kipimo cha JAK2 kinastahili kufanywa hata kama hematokriti ni ya kawaida. Wengu uliokua hushikilia damu nyingi, maji ya damu huongezeka, na huenda mgonjwa amevuja damu tumboni, hivyo wingi wa chembe nyekundu hufichika.

Dalili nyingine huja taratibu na kila moja ina maelezo mepesi yanayoweza kumpoteza daktari. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, masikio huvuma na macho huona kiwi. Vidole vya miguu au mikono huwaka moto na kuwa vyekundu, kisha hutulia baada ya aspirini. Mtu hushiba baada ya kula kidogo kwa sababu wengu unabana tumbo. Jongo hutokea, kwa kuwa chembe nyingi zinazozaliwa na kufa huacha asidi ya yuriki nyingi. Vitabu husema uso huwa mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, na anayemchunguza mgonjwa inambidi atazame ndani ya kope, kwenye ufizi na viganja. Dalili ya kipekee kuliko zote ni mwasho baada ya kuoga. Dakika chache baada ya maji kugusa ngozi, hasa ya moto, mgonjwa huwashwa mwili mzima kwa muda, na ngozi haionyeshi kipele wala uvimbe.

Ufuatao ni mfano uliotungwa ili kuonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Mwanamume wa miaka 61 anaishi Tanga, kando ya bahari, na havuti sigara. Kwa zaidi ya mwaka amekuwa akiwashwa kila anapooga. Amebadilisha sabuni, amepewa dawa za mzio, na hakuna kilichosaidia. Asubuhi moja mkono wake wa kushoto unakosa nguvu na ulimi unakuwa mzito kwa robo saa, kisha hali inarudi kuwa ya kawaida. Hospitalini picha kubwa ya damu inaonyesha himoglobini gramu 19.8 kwa desilita, hematokriti asilimia 60, chembe nyeupe 14,000 na chembe sahani 620,000 kwa mikrolita. Kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kutuama, ambacho kwa wagonjwa wengi hupanda, kwake kinasoma milimita 1 kwa saa, kwa sababu chembe zimebanana mno hata hazina nafasi ya kutuama. Chini ya mbavu za kushoto wengu unagusika kwa vidole vitatu. Katika ukanda wa malaria wengu kama huo hauwashangazi wengi, na hapo ndipo unapoweza kupuuzwa.

Himoglobini ya juu peke yake bado si polisaithemia vera. Mtu aliyeharisha au kutapika hupoteza maji ya damu, na hematokriti hupanda bila chembe kuongezeka, kisha hushuka akishanywa maji ya kutosha. Wakazi wa miinuko huwa na himoglobini ya juu kidogo, kwa hiyo kipimo cha mtu wa Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hakisomwi sawasawa na cha mtu wa Mombasa. Sigara, moshi wa mkaa katika chumba kisicho na hewa, magonjwa sugu ya mapafu, kukatika pumzi usingizini, sindano za testosteroni na baadhi ya uvimbe wa figo pia huongeza chembe nyekundu. Katika mengi ya haya erithropoietini huwa ya kawaida au ya juu, kwa kuwa uboho unatii amri. Katika polisaithemia vera huwa chini.

Vipimo vinavyoamua ni vitatu. Kwanza himoglobini izidi gramu 16.5 kwa mwanamume au 16.0 kwa mwanamke, au hematokriti ivuke asilimia 49 kwa mwanamume na 48 kwa mwanamke. Pili damu ichunguzwe kutafuta badiliko la JAK2. Hospitali isiyo na mashine ya kazi hiyo huweza kupeleka sampuli ya kawaida ya damu kwenye maabara kubwa. Tatu kipande cha uboho kichukuliwe nyongani na kutazamwa kwa hadubini, ambako huonekana umejaa chembe za aina zote kupita umri wa mgonjwa. Erithropoietini iliyo chini huongeza uhakika. Mtu wa Tanga ana oksijeni ya kutosha, JAK2 yake imebadilika, erithropoietini iko chini, na uboho wake umejaa. Shaka imekwisha.

Kabla ya matibabu kuna mtego mmoja wa maabara. Vipimo vya kuganda kwa damu huchukuliwa katika chupa yenye kiasi maalumu cha sitreti, kilichokadiriwa kwa damu ya kawaida. Damu ya mgonjwa huyu ina maji machache, hivyo sitreti inabaki nyingi mno, na jibu linaonyesha kwamba damu yake inachelewa kuganda. Asiyejua anaweza kumnyima aspirini akidhani atavuja damu, ilhali hatari yake ni kinyume kabisa. Hematokriti ikizidi asilimia 55, maabara inapaswa kupunguza sitreti kabla ya kujaza damu.

Tiba ya kwanza ni kutoa damu, kwa sindano na mfuko kama wa mtu anayejitolea damu. Kutoa mililita 500 hushusha hematokriti kwa takriban pointi tatu. Kwa kuwa mtu huyu amevuka miaka 60 na ubongo wake umekwisha kutikiswa, anatolewa mililita 300 tu kila baada ya siku moja au mbili, huku akipewa maji. Baada ya mara nane, katika muda wa wiki tatu, hematokriti imefika asilimia 44. Kichwa kimeacha kuuma. Mwasho umepungua lakini haujaisha, jambo la kawaida, maana hautokani na uzito wa damu peke yake. Wapo wanaouliza kama hijama au kuumika kunaweza kufanya kazi hiyo. Damu inayotoka kwa njia hiyo haipimwi na kwa kawaida haifikii kiasi cha kushusha hematokriti ya aina hii, na mgonjwa anayeitegemea anabaki hatarini huku akiamini amejitibu.

Kwa nini mpaka uwekwe asilimia 45, na isiwe 50, ambayo wanaume wengi wenye afya huikaribia? Swali hilo lilijibiwa nchini Italia na utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 365 waligawanywa kwa kura: nusu walitibiwa hematokriti ikae chini ya asilimia 45, wengine ikae kati ya 45 na 50. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, watu 5 kati ya 182 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata bonge kubwa la damu au kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Katika kundi la pili walikuwa 18 kati ya 183. Pointi chache ambazo kwenye karatasi ya majibu zingeonekana si kitu ziliongeza hatari karibu mara nne.

Sehemu ngumu huja miezi inayofuata, na inahusu madini ya chuma. Mililita 300 za damu nzito ya mtu huyu hubeba karibu miligramu 200 za chuma, na akiba ya mwili wa mwanamume ni kama gramu moja. Mara nane zimetosha kuimaliza. Kukaukiwa huko ni sehemu ya tiba, kwa sababu uboho ulioasi hauwezi kutengeneza chembe nyingi bila chuma. Lakini mgonjwa anachoka, na kipimo kinaonyesha chembe ndogo na akiba ya chuma iliyoisha. Akienda kwenye zahanati isiyojua historia yake, atapewa vidonge vya kuongeza damu kwa nia njema. Wiki chache baadaye hematokriti yake iko asilimia 53. Mgonjwa wa polisaithemia vera anayetolewa damu hapaswi kumeza chuma ila kwa uamuzi wa daktari anayemtibu, na ni vema aseme hivyo kila anapotibiwa. Uchovu ukizidi, daktari humpa dawa inayotuliza uboho ili asihitaji tena kutolewa damu mara kwa mara.

Upungufu huo huo wa chuma unaweza kuuficha ugonjwa kabla haujagunduliwa. Mwanamke anayepata hedhi nzito, au mkulima mwenye minyoo ya safura, anaweza kuwa na himoglobini ya gramu 14 inayoonekana njema kabisa. Karatasi ile ile huonyesha hesabu ya chembe nyekundu iliyopanda hadi milioni 6 au 7 kwa mikrolita, zote zikiwa ndogo. Mtu mwenye upungufu wa kawaida wa chuma hana chembe nyingi hivyo. Talasemia nyepesi huleta picha inayofanana, kwa hiyo nayo hufikiriwa.

Aspirini kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, hupewa karibu kila mgonjwa. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2004 uliohusisha wagonjwa 518 ulionyesha kwamba inapunguza mabonge ya damu bila kuongeza sana uvujaji. Tahadhari ni kwa mwenye chembe sahani zinazozidi milioni moja. Zikifikia wingi huo humeza protini inayosaidia damu kushika jeraha, na mtu yule yule mwenye hatari ya kuganda huanza kutokwa damu puani na kwenye ufizi.

Aliyezidi miaka 60 au aliyewahi kupata bonge huongezewa dawa ya kupunguza uzalishaji. Inayotumika zaidi ni haidroksiyurea, ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki zinaijua kwa ajili ya selimundu. Huanzwa kwa kawaida na miligramu 500 mara moja au mbili kwa siku, na damu hupimwa mara kwa mara, kwani ikizidi hushusha chembe nyeupe. Vidonda sugu karibu na vifundo vya miguu ni ishara kwamba dawa haimfai. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba haitumii, na huchaguliwa intaferoni ya sindano. Kwa wasiosaidiwa na haidroksiyurea kuna ruksolitinibu, inayokwenda moja kwa moja kuzima protini ya JAK, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2014. Bei yake bado iko mbali na uwezo wa wagonjwa wengi wa ukanda huu.

Upasuaji wowote, hata wa henia au jino, husubiri hematokriti ishuke, isipokuwa wa dharura, kwa kuwa mgonjwa anayepasuliwa akiwa na damu nzito huweza kuvuja na kuganda kwa pamoja.

Baada ya miaka mingi, kwa sehemu ya wagonjwa, uboho huchoka na kujaa makovu. Badiliko hili hujitokeza kwa namna inayodanganya: mgonjwa aliyekuwa akitolewa damu kila baada ya miezi miwili anapita mwaka bila kuhitaji, na himoglobini inashuka yenyewe. Kama dozi ya haidroksiyurea haikuongezwa, hiyo si nafuu. Wengu huendelea kukua, uzito wa mwili hupungua, jasho hutoka usiku, na katika tone la damu huonekana chembe nyekundu zenye umbo la chozi. Kutoa damu husimamishwa, uboho huchukuliwa tena na kupimwa, na matibabu hubadilika kuwa ya ugonjwa wa makovu ya uboho, ambao tiba pekee inayoweza kuuondoa ni kupandikiziwa uboho wa mtu mwingine. Wachache zaidi huishia kwenye lukemia kali, ambayo hutambulika chembe changa zinapofika asilimia 20 au zaidi katika damu au uboho.